Mwaka Ulio Ndani ya Mabano: Tanbihi na Marejeleo ya Ndani katika Uandishi wa Historia

Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alifariki karibu na mwaka 1840. Mwandishi wa historia anayezitumia beti zake kama ushahidi, akifuata utaratibu wa jina na mwaka unaofundishwa katika vyuo vyetu vingi, atajikuta anaandika hivi mwishoni mwa sentensi yake: (Muyaka 1940). Msomaji asiyemfahamu mshairi huyu atadhani kwamba anasoma maneno ya mtu aliyeishi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Msomaji anayemfahamu atatabasamu na kuendelea, kwa kuwa anajua kwamba mwaka huo ni wa kitabu, yaani ile diwani iliyohaririwa na William Hichens na kuchapishwa Johannesburg. Mabano hayajasema uongo. Yamejibu swali ambalo mwanahistoria hakuliuliza. Yeye alitaka kujua shahidi alisema lini, na mabano yakamwambia kitabu kilipigwa chapa lini.

Wasomaji wa safu hii wengi ni washairi na wapenzi wa lugha, na baadhi yenu mmeanza kuandika historia ya tungo na ya watunzi wa miji yenu. Swali mnaloniletea mara kwa mara ni lipi lililo bora: tanbihi, yaani maelezo yenye namba yanayowekwa chini ya ukurasa, au marejeleo ya ndani, yaani yale ya mabano yanayokaa katikati ya matini. Nitalijibu kwa kuufuata huo mwaka wa Muyaka, kwa sababu ndani yake mna karibu kila jambo linalohitajika.

Tuanze na asili ya taratibu hizi mbili, kwa kuwa asili inaeleza tabia. Utaratibu wa jina na mwaka haukuzaliwa miongoni mwa wanahistoria. Kwa kawaida mwanzo wake hutajwa kuwa makala ya mwaka 1881 ya Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyekuwa akichunguza mayai ya konokono asiye na koa. Ndiyo maana wengine huuita mtindo wa Harvard. Kwa mtu wa sayansi ya viumbe utaratibu huo unafaa sana. Uchunguzi wa 1879 huenda umekwisha kusahihishwa na ule wa 1881, kwa hiyo mwaka ni habari ya kwanza anayoitaka msomaji. Tena aliyefanya uchunguzi, aliyeuandika na aliyeuchapisha ni mtu yule yule, na mambo yote matatu yametendeka ndani ya muda mfupi. Jina moja na mwaka mmoja vinatosha.

Tanbihi ina ukoo mwingine. Katika vitabu vya Ulaya vya karne ya 18 ilikuwa imekwisha kuwa silaha ya wanahistoria, na mahali pake palibishaniwa. Edward Gibbon alipotoa juzuu ya kwanza ya historia yake ya kuanguka kwa dola ya Rumi mwaka 1776, tanbihi ziliwekwa mwishoni mwa kitabu. David Hume, aliyekuwa naye mwanahistoria, aliisoma na kumwandikia mchapishaji akilalamika kwamba inachosha kufunua huku na huko, na kwamba maelezo yale yashushwe chini ya ukurasa yanapohusika. Ndivyo yalivyofanywa baadaye. Ninakubaliana na Hume kabisa. Tanbihi iliyofichwa kurasa mia mbili mbele husomwa na mhariri peke yake.

Wenzetu waliopitia madrasa watauona upesi undugu uliopo kati ya tanbihi ya mwanahistoria na isnadi. Msomaji wa hadithi haridhiki kuambiwa jina la kitabu. Anataka kujua fulani amepokea kutoka kwa nani, na huyo naye kwa nani, mpaka mwanzo wa mnyororo. Chanzo cha kihistoria nacho, hasa katika pwani yetu ambako tungo zilihifadhiwa vifuani na katika makaratasi kabla ya kufika kiwandani, kina mnyororo wa namna hiyo. Mabano yana nafasi ya pete moja tu ya mnyororo, na kwa desturi pete inayoonekana ni ile ya mwisho.

Sasa tutazame mfano wenyewe. Tuseme ninaandika aya hii kuhusu Mombasa:

Mwaka 1837 utawala wa Wamazrui wa Mombasa ulikoma, na Seyyid Said akawahamisha wakuu wao. Kabla ya hapo mji ulikuwa umepinga majeshi yake zaidi ya mara moja. Upinzani huo haukuwa wa watawala peke yao: beti za Muyaka zinaonyesha jinsi majivuno ya mji yalivyosemwa kwa lugha ya watu wake.

Aya hii ina madai ya namna mbili. Sentensi mbili za kwanza zinasimama juu ya utafiti wa watu wengine. Ya tatu inasimama juu ya shahidi wa wakati ule. Nikitumia mabano kote, mambo yatakuwa hivi: baada ya sentensi ya pili nitaweka (Nicholls 1971: X), na baada ya ya tatu nitaweka (Muyaka 1940: X). Herufi X inasimama mahali pa namba ya ukurasa. Nicholls ni mwandishi wa kitabu kiitwacho The Swahili Coast, na hana kasoro yoyote katika mabano yake. Aliandika utafiti wake, ukachapishwa 1971, na msomaji anaelewa kwamba haya ni maoni ya mtafiti wa miaka ile. Tatizo liko kwenye mabano ya pili. Macho yakiyapitia pamoja, Nicholls na Muyaka wanaonekana kama watafiti wawili wanaokubaliana, mmoja wa 1940 na mwingine wa 1971. Shahidi na hakimu wamekalishwa benchi moja.

Nikitumia tanbihi, aya itabaki safi, ikiwa na namba mbili ndogo tu zilizoinuliwa juu ya mstari, moja baada ya sentensi ya pili na moja baada ya ya tatu. Chini ya ukurasa nitaandika:

¹ C. S. Nicholls, The Swahili Coast: Politics, Diplomacy and Trade on the East African Littoral, 1798–1856 (London: George Allen & Unwin, 1971), uk. X.

² Muyaka bin Haji (alifariki karibu 1840), katika Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy, mh. William Hichens (Johannesburg: University of the Witwatersrand Press, 1940), uk. X. Beti zilikusanywa Mombasa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, zikapokewa kwake na W. E. Taylor, Hichens alihariri kutokana na makaratasi ya Taylor, ambayo sasa yako katika maktaba ya SOAS, London.

Tazama tanbihi ya pili imebeba nini. Muyaka alitunga na kufariki karibu 1840. Mwalimu Sikujua, mwanazuoni na mshairi wa Mombasa, alizikusanya beti katika nusu ya pili ya karne ile kutoka kwa watu waliozikumbuka. Taylor, mmisionari aliyekaa Mombasa, alizipokea kwake pamoja na maelezo. Hichens akazihariri kwa hati za Kirumi. Kati ya kinywa cha mtunzi na ukurasa uliochapishwa imepita mikono mitatu na karne nzima. Kila mkono ungeweza kuacha alama: neno la Kimvita likalainishwa, ubeti ukahamishwa, jibu la mpinzani likahesabiwa kuwa la Muyaka mwenyewe. Jambo hili la mwisho si dogo, maana washairi wa wakati ule walikuwa wakijibizana, na anayenukuu ubeti mmoja lazima ajue ni nani anayesema. Msomaji aliyepewa mnyororo mzima anaweza kupima uzito wa dai langu. Aliyepewa mwaka 1940 hana la kupima.

Kuna wanaojaribu kuyaokoa mabano kwa kuandika (Muyaka [kabla ya 1840] 1940: X), au (Muyaka, katika Hichens 1940: X). Njia zote mbili ni halali, na kama jarida unaloliandikia halikubali tanbihi, ninapendekeza ya pili, kwa sababu inamtenga mtunzi na mhariri. Lakini Sikujua na Taylor bado wamebaki nje, na mtu hawezi kuwaingiza bila kuifanya sentensi ipumue kwa shida. Katika hali hiyo habari za mnyororo zinapaswa kupandishwa kwenye matini yenyewe, katika sentensi mbili au tatu mahali mshairi anapotajwa mara ya kwanza. Si aibu hata kidogo. Mara nyingine ndiko kunakofaa zaidi.

Kanuni ninayoitoa hapa, basi, inahusu chanzo kabla ya kuhusu mtindo. Pale ambapo mwandishi, wakati wa kuandikwa na wakati wa kuchapishwa ni kitu kimoja, mabano yanatosha. Pale ambapo vitu hivyo vimeachana, tumia tanbihi. Kazi nyingi za isimu na uhakiki wa fasihi ni za aina ya kwanza, ndiyo maana majarida ya nyanja hizo yamezoea jina na mwaka. Kazi nyingi za historia ni za aina ya pili, ndiyo maana majarida kama The Journal of African History yameshikilia tanbihi. Anayeandika historia ya ushairi amesimama mpakani, na jambo hilo ndilo linalomchanganya.

Niseme kidogo juu ya namna ya kuiandika tanbihi yenyewe, maana katika insha za wanachuo nilizosahihisha kwa miaka mingi, sehemu hii ndiyo iliyokuwa na vurugu kubwa.

Namba huwekwa baada ya alama ya kituo, kwa kawaida mwishoni mwa sentensi. Ikiwa sentensi moja ina vyanzo vitatu, usiitoboe kwa namba tatu. Weka namba moja mwishoni, na katika tanbihi tenga vyanzo kwa nuktamkato, kwa mfuatano ule ule wa madai yako. Ukinukuu ubeti, usiingize namba katikati ya mshororo hata kama neno moja ndilo linalohitaji maelezo. Jicho la msomaji wa shairi linahesabu mizani, na namba ngeni ndani ya mshororo ni kama kikohozi katikati ya uimbaji. Iweke mwishoni mwa mshororo wa mwisho, au katika sentensi inayoutambulisha ubeti.

Ndani ya tanbihi jina la mwandishi huandikwa kama linavyotamkwa, jina la kwanza kwanza. Sehemu hutengwa kwa mkato, na mahali pa kuchapishwa, mchapishaji na mwaka hufungiwa katika mabano, kisha hufuata ukurasa. Katika orodha ya marejeleo mwishoni mwa kazi, taarifa hizo hizo hubadili sura: jina la ukoo hutangulia, sehemu hutengwa kwa nukta, mabano huondolewa, na namba ya ukurasa haiwekwi. Tofauti hii si pambo. Tanbihi ni sehemu ya mazungumzo na husomwa kama sentensi moja. Orodha hutafutwa kwa alfabeti, kwa hiyo neno la kutafutia lazima litangulie.

Chanzo kikitajwa mara ya pili, hakiandikwi kwa ukamilifu. Jina, anwani fupi na ukurasa vinatosha: Nicholls, Swahili Coast, uk. X. Vitabu vya zamani vilitumia ufupisho wa Kilatini wenye maana ya «mahali pale pale», na kwa Kiswahili wengi tumezoea kuandika «papo hapo». Nawashauri muache. Tuseme tanbihi ya 7 ni ya Nicholls na ya 8 ni «papo hapo, uk. X». Wiki moja baadaye unarudi kwenye rasimu na kuongeza sentensi moja kati yao, yenye tanbihi yake ya Muyaka. Programu ya kuandikia itarekebisha namba yenyewe, na ile ya 8 itakuwa ya 9. Lakini haiwezi kujua kwamba «papo hapo» ilimaanisha Nicholls. Sasa inaelekeza kwa Muyaka. Hakuna kinachoonekana kuwa kibaya kwenye ukurasa. Namba zimefuatana, mabano yamefungwa, na chanzo ni cha uongo. Dalili ya kosa hili ni ukurasa usiolingana na kitabu: diwani ndogo inanukuliwa ukurasa ambao haina. Anwani fupi haiwezi kupotea namna hiyo, kwa sababu inabeba jina lake popote inapohamishwa. Kwa sababu iyo hiyo, usipige namba kwa mkono. Katika Microsoft Word fungua References, kisha bonyeza Insert Footnote, au bonyeza Ctrl+Alt+F kwa pamoja, na namba zitajitunza.

Mabano yana sehemu yake katika historia ya ushairi, nayo ni pale ambapo utungo mmoja ndio unaochunguzwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Chukua utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, unaosimulia vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Makala yenye kuufuata utenzi huo tukio kwa tukio itaurejelea mara hamsini au zaidi. Tanbihi hamsini zenye jina moja ni usumbufu tu. Dawa yake ni tanbihi moja tu ya mwanzo, inayoeleza kila kitu, na baada yake namba ya ubeti ndani ya mabano: (ub. X), au (bt. X–X) zikiwa ni beti zaidi ya moja. Nasisitiza namba ya ubeti na si ya ukurasa. Ukurasa hubadilika kila kitabu kinapochapwa upya, na msomaji mwenye toleo jingine atatafuta bila kupata. Ubeti hutembea pamoja na utenzi. Hata hivyo mhariri mmoja anaweza kuhesabu beti tofauti na mwenzake, hasa pale nakala za mkono zinapozidiana, kwa hiyo tanbihi ya mwanzo lazima itaje unafuata hesabu ya nani. Mfano:

¹ Hemedi bin Abdallah el Buhriy, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, 1307 A.H., mh. na mfasiri J. W. T. Allen (Dar es Salaam: East African Literature Bureau, 1960). Namba za beti katika makala hii zinafuata toleo hili, na zimewekwa katika mabano ndani ya matini.

Anwani ya utenzi huo inatufundisha pia jambo la tarehe. Imebeba mwaka wa Hijria, 1307. Mwaka huo ulianza mwishoni mwa Agosti 1889 na kwisha katikati ya Agosti 1890. Lakini vita vyenyewe vilianza Pangani mwezi wa Agosti 1888, kampuni ya Wajerumani ilipotaka kushika madaraka na kupandisha bendera yake, na kwa hesabu ya Hijria tulikuwa bado mwishoni mwa 1305. Ndani ya 1307 wenyewe ndimo Abushiri bin Salim aliponyongwa Pangani, Desemba 1889, na ndimo Bwana Heri wa Saadani alipojisalimisha mwaka uliofuata. Mtu anayeiandika 1307 kuwa ni «1889» bila maelezo amepunguza mwaka nusu, na anayedhani kwamba anwani inataja mwanzo wa vita amekosea kwa mwaka mzima na zaidi. Haya hayana nafasi katika (Buhriy 1960). Katika tanbihi yanahitaji mstari mmoja: «1307 H. ni Agosti 1889 hadi Agosti 1890. Mapigano yalianza Agosti 1888, mwishoni mwa 1305 H.» Tarehe zenyewe katika matini ziandikwe 1307 H./1889–90, zikiwa na mkwaju kati ya kalenda mbili na kistari kati ya miaka miwili, ili msomaji asidhani kwamba mkwaju una maana ya «au».

Kuna vyanzo viwili ambavyo mabano hayawezi kuvibeba kabisa, navyo ni nyaraka na masimulizi. Barua iliyomo katika jalada la Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, au la Nyaraka za Zanzibar, mara nyingi haina mwandishi mmoja anayefaa kuitwa mwandishi, wala haina mwaka wa kuchapishwa, maana haikuchapishwa kamwe. Ukiilazimisha iingie katika mabano utaandika jina la idara na mwaka, na msomaji atakayekwenda Zanzibar na kipande hicho cha karatasi atarudi mikono mitupu. Tanbihi ya nyaraka hujengwa kutoka kitu kidogo kuelekea kikubwa: ni waraka wa aina gani, nani kwa nani, mahali, siku, mwezi na mwaka, kisha namba ya jalada, na mwisho jina la hifadhi. Zanzibar, kwa mfano, herufi AA zinatambulisha kundi la kumbukumbu za ubalozi mdogo wa Uingereza, na katika hifadhi ya Dar es Salaam herufi G inatambulisha majalada ya wakati wa Wajerumani. Herufi hizo ndizo anazoziuliza mhudumu wa hifadhi, si jina la mwandishi. Zinakiliwe kama zilivyo, pamoja na kila mkwaju na kila nafasi. Andika namba ya jalada siku ile ile unaposoma, juu ya karatasi ile ile uliyonakili maneno. Atakayeiachia kumbukumbu yake atalipa nauli ya kwenda mara ya pili.

Masimulizi ni magumu zaidi, kwa sababu chanzo ni mtu. Tanbihi itaje msimulizi, mahali, tarehe ya mazungumzo, nani aliyemhoji, na sauti au maandishi yamehifadhiwa wapi. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokusanya mwaka 1968 kumbukumbu za vita vya Maji Maji, kila taarifa iliwekewa namba yake, na mwaka 68 ukiwa sehemu ya namba hizo. Kwa hiyo mtafiti wa leo anaweza kuitaja taarifa moja kati ya nyingi na mwingine akaikuta. Lakini mwaka 1968 si mwaka wa tukio. Mzee aliyehojiwa alikuwa akisema juu ya 1905, mengine akiwa ameyaona kwa macho utotoni na mengine ameyasikia kwa baba yake. Tanbihi nzuri husema ni lipi kati ya hayo mawili. Nimesoma kazi nyingi ambamo «alisema mzee mmoja» imefanywa kuwa rejeleo, na sioni tofauti kati ya hilo na kutoandika kitu.

Tanbihi nayo ina ugonjwa wake. Mwandishi akishaonja uhuru wa kuandika chini ya ukurasa, huanza kupeleka huko kila alichoshindwa kukitupa: ugomvi wake na mhakiki fulani, kisa kitamu kisichohusika, ubeti mwingine unaopendeza. Kipimo changu ni rahisi. Ikiwa maelezo yanabadili namna msomaji atakavyolipima dai, na hayazidi mistari minne au mitano, yakae chini. Ikiwa yanabadili dai lenyewe, yapande juu, kwenye matini, ambako yanaweza kubishiwa. Ikiwa hayabadili chochote, yafutwe hata kama yamekugharimu mwezi mzima wa kutafuta.

Limebaki suala la majina, ambalo taratibu zote mbili tulizipokea kutoka kwa watu wenye desturi nyingine. Utaratibu wa jina na mwaka unadai jina la ukoo. Hemedi bin Abdallah el Buhriy anakuwa Buhriy. Shaaban Robert anakuwa Robert. Na Muyaka, ambaye pwani nzima inamjua kwa jina lake, ama anageuzwa Haji, ambalo ni jina la baba yake, ama Al-Ghassaniy, ambalo wasomaji wengi hawalitambui. Neno «bin» si sehemu ya jina la ukoo, na kulifanya kuwa kichwa cha herufi B katika orodha, kama nilivyoona zaidi ya mara moja, kutawakusanya watunzi wote wa pwani mahali pamoja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Ushauri wangu ni kumpanga kila mtunzi wa kale katika orodha kwa jina analofahamika nalo, Muyaka kwenye M na Hemedi kwenye H, na kuweka kielekezi kwenye herufi ya pili: «Buhriy, taz. Hemedi bin Abdallah el Buhriy». Katika tanbihi tatizo hilo halipo, kwa kuwa jina huandikwa zima kama mwenyewe alivyoitwa. Wahariri wa majarida hukubali mpangilio huu ikiwa umeuelezea mara moja, mwanzoni mwa orodha, na kuufuata bila kubadilika mpaka mwisho.